Zuhura, kabla baba hajauza kiwanja soma hii kwanza

Leipzig, 7 Septemba 2025

Marahaba mdogo wangu, na waalaykum salaam. Ile voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza nikiwa kwenye tramu natoka zamu ya usiku, nikairudia tena nilipofika geto maana sehemu ya katikati jogoo wa jirani yenu alikuwa anahutubia. Hongera tena bana. Uhandisi ujenzi Mlimani, raundi ya kwanza, sio mchezo, mwambie mama namshikia mguu na huyo mtoto kamlea yeye.

Sasa nimekaa kuandika barua badala ya kukujibu kwa voisi, kwa sababu najua ukweli wa hapo nyumbani, voisi mtaisikiliza mkiwa mnakula, baba mdogo atadakia katikati, na mwisho kila mtu atabaki na alichotaka kusikia. Hii usome mwenyewe, halafu umsomee baba yote, usimrukishie vipande.

Umeniuliza, kaka we ungekuwa mimi ungechagua nini, India au Mlimani. Ningeenda Mlimani. Najua haikuwa unachotaka kusikia, na najua baba mdogo atasema "si umeona, yeye yuko Ulaya anakula raha anataka mwenzake abaki Ubungo". Mwambie nimemsikia kutoka huku huku.

Tuanze na hesabu maana ndo iliyonikosesha usingizi. Huyo wakala anayetaka kukupeleka chuo binafsi India kawaambia ada ni dola 2,800 kwa mwaka baada ya "skolashipu" ya asilimia 50. Zuhura, hiyo sio skolashipu, hiyo ni bei. Vyuo vingi binafsi vya kule vinatangaza bei ya juu ambayo hakuna mtu anailipa, alafu wanakupunguzia mpaka ile waliyoitaka toka mwanzo, mzazi anaona mwanae kapata ufadhili anaitisha dua. Skolashipu ya kweli ya India ipo, inatolewa na serikali yao kupitia ICCR, unaomba mtandaoni kupitia ubalozi wao wa Dar, ile inalipa ada na inakupa na hela ya kujikimu. Ukiipata hiyo nipigie hata saa nane usiku tutaongea lugha nyingine kabisa. Lakini hii ya wakala, mara miaka 4 ni dola 11,200, hapo hujala, hujalala, hujapanda ndege, hujalipa bima. Kiwanja cha Pongwe kikiuzwa chote kinalipa miaka miwili hivi, ukijumlisha na maisha. Mwaka wa tatu unalipwa na nani? Na ada ni ya dola, usisahau 2024 dola zilivyoadimika mabenki ya bongo, watu wana shilingi zao mkononi wanazungushwa, na chuo cha nje hakikusubiri eti benki kuu ya kwenu ina shida.

Halafu lile la "atafanya kazi huku anasoma". Nimelisikia kwenye voisi nikasimamisha, nikarudisha nyuma nisikie vizuri. India viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi, ukiacha mafunzo ya vitendo yanayohusiana na masomo. Ukifika unajiandikisha FRRO, ofisi yao ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, wanakujua upo wapi na unafanya nini, ukikamatwa unauza duka au unafundisha kiingereza mtaani unarudishwa nyumbani bila cheti. Wakala aliyesema hivyo ama hajui kazi yake ama anajua sana, na yote mawili mabaya.

Na muulizeni pia habari ya NOC ya TCU, ile barua ya tume yetu ya vyuo vikuu ya kutokuwa na pingamizi. Muulizeni kama yeye mwenyewe kasajiliwa TCU kupeleka wanafunzi nje. Muulizeni kama hiyo kozi ya uhandisi ina kibali cha AICTE, baraza lao la elimu ya ufundi, na chuo kina ithibati ya NAAC, msikubali jibu la mdomo, mwambieni awaonyeshe hapo hapo kwenye tovuti za hao wenyewe. Mimi nimemuona mtu karudi na digrii yake nzuri, picha na joho kapiga, alafu anazunguka ofisi mwaka mzima kuthibitisha kwamba alichosoma ni digrii. Sio India, ilikuwa nchi nyingine, lakini karatasi ni karatasi.

Ngoja nisije nikaonekana naiponda India. Wabongo wamejaa kule na wengine wamesoma vizuri mno, na vyuo vyao vikubwa vya serikali ni moto, IIT Madras wenyewe wameshafungua tawi Zanzibar toka 2023, kwa hiyo India nyingine imetufuata huku huku (walianza na mambo ya data na akili unde lakini, sio ujenzi). Ninachokataa ni chuo hiki, kwa bei hii, kwa kiwanja kile.

Sasa upande wa Mlimani, maana usidhani nakusukuma tu kwa sababu ni rahisi. Ada ya mwaka haifiki hata milioni 2. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, ukipata hata asilimia fulani ya ada na boom, ile elfu 10 ya siku ya kula na kulala, maisha yanaenda. Ni mkopo lakini, sio zawadi, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe, ila hakuna anayeuza kiwanja. Boom likichelewa, na litachelewa, nitakuwa natuma mimi. Hilo lichukulie kama limeshaandikwa.

Shida zitakuwepo. Darasa la mwaka wa kwanza watu wamejaa mpaka mlangoni, mwalimu hatokujua jina. Hosteli ni vita, ukikosa utapanga chumba Changanyikeni au Makongo na jua la saa sita lile unalijua. Mashine za maabara nyingine mtasubiriana kundi zima muiguse mtu mmoja mmoja. Kutakuwa na siku utafungua simu uone rafiki yako Nasra yuko Bangalore kapiga picha kwenye moli, roho itauma. Iache iume.

Lakini angalia kitu ambacho wakala hawezi kukuuzia. Kila mwaka unaenda PT, mafunzo kwa vitendo, wiki kadhaa saiti au ofisini. Na wewe unataka maji, umeniambia toka kidato cha tatu unataka maji. Basi Tanga yetu hiyo, Tanga Uwasa wametoa hatifungani ya kijani 2024, shilingi bilioni 53 na kitu, ikaorodheshwa mpaka soko la hisa Dar, kwa ajili ya kupanua maji ya mji wetu, yale yanayotoka mto Zigi bwawa la Mabayani. Unajua ni mamlaka ngapi za maji Afrika zimewahi kufanya hivyo? Sio nyingi. Hapo Chongoleani bomba la mafuta kutoka Uganda kilomita 1,443 linaishia uani kwetu. Daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025. Reli ya SGR, bwawa la Nyerere megawati 2,115. Hii miaka minne unayotaka kwenda kukaa mbali ndiyo miaka ambayo mhandisi mwanafunzi anatakiwa awe bongo anatembea na kofia ngumu kichwani. Na wale mtakaobanana nao kwenye kimbweta usiku mnapiga hesabu za mihimili, kesho ndo watakuwa Ruwasa, Tanroads, wizarani, kwa mkandarasi, ukitaka kitu unampigia mtu unayemuita kwa jina la utani. Ukimaliza kuna SEAP, mafunzo kazini ya ERB, bodi ya wahandisi, miaka mitatu unafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu ndo unasajiliwa kamili. Mtu aliyesomea viwango vya India na hajulikani na mtu anaanzia nyuma kidogo. Anafika, ila anaanzia nyuma.

Na lile swali lako la mwisho uliloliuliza kwa sauti ya chini, "au nije kwako". Mpenzi wa kaka, natamani. Nyumba ina ukimya mpaka friji linakuwa mtu wa kuongea naye. Lakini viza ya mwanafunzi wa Ujerumani unatakiwa uonyeshe yuro 11,904 zimelala kwenye akaunti iliyofungwa, unaruhusiwa kutoa 992 tu kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu, ya mwaka mmoja. Ada vyuo vingi vya serikali ni bure kweli, watu wanasikia hapo tu wanafungasha, ila digrii ya kwanza karibu zote ni kijerumani, na kijerumani cha kusomea uhandisi sio hiki changu cha kumuuliza bibi kama kanywa dawa. Mi nilikuja kwa njia ya mafunzo ya uuguzi, unasoma huku unalipwa, ni njia halali na nzuri ila ni ya kuuguza wazee, sio ya kujenga mabwawa. Usibadilishe ndoto ili upate viza.

Mpango wangu ni huu. Soma Mlimani, toka na GPA ya maana, fanya kazi miaka miwili kwenye maji, kisha omba masters nje. DAAD, shirika la Wajerumani la kufadhili wanafunzi, wana ufadhili unaitwa EPOS ni wa watu wa nchi zetu hizi waliomaliza digrii na wana uzoefu wa kazi angalau miaka miwili, wanakulipa kila mwezi, tiketi, bima, hata kijerumani wanakufundisha. Kozi nyingi ni za kiingereza, na Dresden hapo, saa moja na nusu kwa treni kutoka kwangu, wana mambo ya maji mazito. Utakuja mtu mzima, na CV, kwa hela ya Wajerumani, na kiwanja cha baba kipo pale pale kinaota minazi. Nikija kukupokea stesheni nitabeba begi lako mwenyewe na sitalalamika.

Kuna kitu kimoja tu kinaweza kunibadilisha mawazo, ukiniambia unataka kuondoka kwa sababu nyumbani hakukaliki. Kama ni hivyo usiniambie kwa barua, usiseme mbele ya watu, piga. Hilo tutalitatua lenyewe, sio kwa kulificha ndani ya fomu ya chuo.

Kwa sasa fanya haya. Thibitisha Mlimani kabla dirisha halijafungwa, ile namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwa meseji, usimpe mtu yeyote, hata baba mdogo. Hakikisha fomu ya HESLB haina karatasi iliyokosekana, cheti cha kuzaliwa chako na mihuri yote. Baba asiweke sahihi popote na asitoe hata shilingi ya "kushikilia nafasi" mpaka niongee na huyo wakala mimi mwenyewe, nipe namba yake. Jumapili niko ofu, nitapiga baada ya alasiri ya huko, simu awe nayo baba, na mama awepo pia maana baba bila mama ataniitikia tu alafu aende kwa dalali.

Nimetuma kidogo kwenye namba ya mama, ya kwako humo ni ya shuka na ndoo ya hosteli, usimpe Rama akakopa.

Kaka yako,
Abuu