Siku ya Rehema: mwaliko kwa mashosti

Mashosti wangu wa Mabibo, dada Mwanaidi, na wifi yetu Salome,

Rehema anaolewa Jumamosi ya tarehe 1 Agosti 2026. Kabla hawajatunyang'anya, nawaalika tukae naye siku moja, sisi 12 tu, Jumamosi tarehe 11 Julai, Kigamboni. Nimepata nyumba Mjimwema, ina uwanja wa mchanga na vyoo viwili, na baharini unafika kwa miguu. Hii siyo kicheni pati. Hiyo mama zetu wanaipanga na makungwi watakuwepo. Hapa hakuna kamati, hakuna emsii, hakuna kutunza. Ukija na zawadi nitakurudisha nayo nyumbani, ipeleke kule.

Niseme hela mapema, maana ndiyo huwa inatugombanisha. Kila mtu 35,000, Rehema halipi, kwa hiyo walipaji ni 11 na jumla ni 385,000. Nyumba 140,000. Chakula 150,000: samaki wa kuchoma, kuku, ndizi, wali wa nazi na kachumbari, na kuku anachinjwa na Mwislamu, wote tule sahani moja. Maji, soda na juisi 35,000, keki 30,000, bajaji za kututoa feri na kuturudisha 30,000. Anayetaka bia au waini anajinunulia na kuja nayo. Asiyekunywa hawezi kumlipia anayekunywa. Bei haitapanda. Kikipungua kitu tutapunguza keki.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka jana tulianza shughuli moja kwa 50,000, ikaongezeka sare, ikaja ya mpiga picha, tukafika 130,000. Kila jioni orodha inabandikwa kwenye grupu, majina na tiki, wasiolipa wako chini kabisa. Mwenzetu mmoja akajitoa usiku bila kuaga. Nami nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanabandika. Safari hii orodha iko kwenye daftari langu na haitoki humo. Tuma kwenye namba yangu kabla ya Jumapili tarehe 28 Juni, mara moja au vipande vipande, na ya kutolea msiweke, nitabeba mimi. Kama mfuko umekaza, nitafute pembeni, uniambie unaweza ngapi, hata kama ni sifuri. Wawili wameshaniongezea kidogo kwa ajili hiyo. Hutaulizwa sababu wala hutapewa kazi ya kuosha vyombo.

Sare hakuna. Msinunue kitambaa, msiende kwa fundi. Vaa dera, suruali, gauni, baibui, chochote ulichonacho kabatini, ila kiwe na kitu cha njano hata kama ni kilemba au bangili. Wa Mabibo mnajua kwa nini: ile khanga ya njano aliyokuwa anajifunga akikaanga maandazi kwa koili iliyokatazwa hosteli, hadi ikaungua tundu la mviringo pembeni. Bado anayo, nimeiona. Anayeingia majini aingie na nguo anayoona inamsitiri au inamfurahisha, na asiyetaka kulowa asivutwe.

Muziki taarabu, singeli na bongofleva, tutapokezana. Mambo ya chumbani tutacheka, hatujakuwa watawa. Ila wanaume wake wa zamani tusiwataje, na michezo ya kumuaibisha mtu, nani bado hajaolewa, nani hajapata mtoto, sitaki kuisikia. Salome ni mgeni wetu, mafumbo ya mawifi tuyaache kwa siku hiyo. Kuna aliyeokoka na kuna anayeswali. Chumba cha nyuma ni cha swala, na pia cha anayenyonyesha au aliyechoka. Mtoto mchanga anakaribishwa. Picha piga, lakini usirushe popote mpaka Rehema na kila anayeonekana wakubali.

Tukutane saa 3 asubuhi upande wa Magogoni, pale wanapokatia tiketi. Wa Kimara pandeni mwendokasi hadi Kivukoni, hapo feri ni kutembea kidogo tu. Wenye gari pitieni Daraja la Nyerere mkakutane nasi kule. Saa 3 ninayosema ni saa 3 ya saa, siyo ya harusi. Kurudi, bajaji za kwanza zinaondoka saa 12 jioni kwa wanaotakiwa nyumbani mapema, za mwisho saa 2 usiku, na hakuna atakayeachwa avuke peke yake.

Niandikieni kwangu, siyo kwenye grupu, kufikia Ijumaa ya tarehe 19 Juni. Usipoweza kuja, andika tu "sitaweza", inatosha. Rehema anajua tarehe na mahali. Ya njano hajui, kwa hiyo midomo ifungwe.

Zuhura