Hoja yangu kuhusu picha za kuchezewa kwenye grupu letu

Shikamooni wazee, wengine habari za saa hizi. Sichelewi, najua kuna watu wanawahi dagaa Kibirizi.

Jamani ile picha ya mweka hazina wetu kubandikwa kichwa kwenye mwili wa mtu kalewa, tulicheka eeh, hata mi nilicheka, ila ikatoka humu ikafika mpaka kwa wakwe zake Kasulu na huko hakuna aliyejua ni utani.

Napendekeza hivi, ukiedit picha ya mwenzio muulize kwanza, andika juu IMECHEZEWA, usiforwadi nje, mwenyewe akisema futa unafuta siku hiyohiyo. Stika nazo zimo. Picha za watoto na za msibani hapana kabisa. Anayekaidi elfu 5 kwenye mfuko, akirudia admini anamtoa.

Na sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015. Haya, nani anapinga?