Raya, mwaliko nimeupata

Shoga yangu Raya,

Asalaam alaykum. Vipi hali yako, na mama anaendeleaje na magoti yake? Sisi huku Mwanakwerekwe hatujambo, tunalalamikia joto tu kama kawaida yetu.

Mwaliko wa kukutana sote tuliosoma pamoja, Jumamosi ya tarehe 20 Disemba, nimeupata. Umeuweka kwenye kundi, ukanitumia na peke yangu, kisha ukanirikodia sauti ya dakika tatu ukidhani labda sijui kusoma. Sauti nimeisikiliza mara mbili. Mara ya pili ni kwa ajili ya kicheko chako tu, maana bado unacheka kama mtu aliyepaliwa na chai.

Sitakuja, Raya. Nimelisema mapema usije ukasoma mpaka chini ukilingojea.

Kwanza nikupe haki yako. Kuwakusanya watu waliotawanyika vile si kazi ndogo. Mmoja umemtoa Muskati, mwengine Mombasa, na yule aliyekuwa hajulikani alipo umemkuta kumbe yuko Konde, hatua chache kutoka kwenu! Nimeona na picha ya kanga mlizochagua, zimenipendeza. Mchango wa shilingi elfu thelathini nimekutumia leo asubuhi kwa simu, angalia usije ukadhani ni deni la mtu. Sitaki unirudishie. Kama kamati inakubali, uingie kwenye lile fungu la vyoo vya wanafunzi wa kike. Kama haikubali, ule pilau.

Ningeweza kukwambia ni sare. Wala isingekuwa uongo mtupu. Skuli zinafunguliwa Januari, na wazazi wa hapa hukaa na vitambaa vyao mwezi mzima, wakaja kuvimwaga mezani kwangu wiki ya mwisho kama vile ninashona na majini. Disemba mimi silali. Kila mtu kwenye kundi angeipokea sababu hiyo, angeniombea riziki, yakaisha. Lakini wewe naona haya kukupa sababu ya cherehani, kwa vile wewe ndiye uliyenibebea mkoba.

Ratiba niliisoma nikiwa nimesimama dukani. Dua ya kuwarehemu walimu na wenzetu waliotangulia, nikasema amin. Chakula, sawa. Kuzungukia madarasa, nikasita kidogo. Halafu nikafika pale mlipoandika paredi ya kukumbushia, watu wapange mistari uwanjani kama zamani, rejista ya kidato cha tatu isomwe na kila mtu aitikie kwa sauti. Nikakaa kitini.

Najua aliyelitoa wazo hilo alitaka watu wacheke. Na watacheka, ni wazo zuri. Lakini kwenye rejista ile jina langu lina mstari mwekundu juu yake, niliuona unapigwa. Mkilisoma, sijui niitikie nini. Mkiliruka, ndiyo nitasikia zaidi.

Sitaki kuyarudia yote. Ulikuwepo. Ila kuna vitu viwili vitatu ambavyo sidhani kama unavijua, kwa sababu wewe ulikuwa mstari wa nyuma, nami nilikuwa mbele nimeipa skuli nzima uso.

Ilikuwa Jumatatu, Septemba 2003, msimu umeanza. Ng'ambo ya uwanja walikuwa wameshatandika majamvi, na karafuu harufu yake ilikuwa nzito kweli siku ile. Mimi hali yangu ilikuwa haitaki harufu yoyote. Kwa hiyo wakati mwalimu anasema yale aliyoyasema juu yangu, na juu ya mama yangu pia, mimi kubwa nililokuwa nikimuomba Mungu ni nisitapike. Hebu fikiria. Watu walidhani nimeinamisha kichwa kwa aibu. Aibu ilikuja baadaye, ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Kuna mtu alicheka kwenye mstari wetu. Sikujua ni nani na nimeomba nisijue mpaka naingia kaburini. Unaona tabu yangu ilipo? Nikija, nitakaa nao wote, nitakula nao, watanikumbatia kwa mapenzi, na kila atakayecheka nitakuwa ninapima sauti yake. Si haki kwao. Walikuwa watoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba, na mtoto hucheka hata penye msiba. Huenda aliyecheka mwenyewe hakumbuki. Sasa mimi niende nikamkalie mtu mbele ya sahani yake na jambo la miaka ishirini na mbili?

Mwalimu mwenyewe keshatangulia mbele ya haki. Nimemsamehe. Kwa ulimi nilimsamehe zamani, moyo ndio uliochukua muda wake.

Na yule mwengine, ambaye siku ile hakuitwa mbele, nimeona jina lake kwenye kamati. Simtaji, nawe usimtaje. Sina ugomvi naye. Ilham anamjua baba yake, sikukuu humpigia simu, na ada ya mwaka wa kwanza alisaidia bila ya kuombwa. Nakwambia hili ili usije ukadhani ninamkimbia yeye. Lau angekuwa ni yeye tu, ningekuja.

Ninachokikimbia ni uwanja. Ninajua ni ujinga, ni mchanga na majani tu, na pengine siku hizi mmeshaujenga. Lakini nimewahi kulijaribu. Mwaka nilipokuja kumzika baba, gari ilipopita pale nikamwambia dereva aongeze mwendo, naye akanicheka akasema mama, hapa kuna watoto wa skuli, hapana mbio.

Unakumbuka usiku ule ulikuja nyumbani na mkoba wangu, madaftari yote yamo, hata lile la jiografia ulilokuwa umeniazima ukalirudisha ukiwa umelijazia masomo ya wiki iliyopita? Ulinijazia masomo, Raya, mtu ambaye keshafukuzwa. Sikukuuliza kwa nini. Usiku wa pili yake nikapandishwa meli kuja kwa shangazi, kwa sababu sheria ya wari ya 1985, ile ya kuwafunga wanaopata mimba bila ya ndoa, ilikuwa ingalipo na mjomba alikuwa na hofu mambo yasije yakamfikia sheha, yakatoka kwa sheha yakenda kwengine. Daftari lile la jiografia ndilo nililolala nalo kichwani kwenye sitaha. Ninalo mpaka leo, limo kwenye kabati la vitambaa. Ilham aliwahi kuliona akaniuliza mbona mwandiko wa mwisho si wako.

Sheria ile ilibadilishwa 2005. Ruhusa ya wasichana kurudi skuli baada ya kujifungua ikaja 2010, na nilipoisikia redioni nilikuwa ninakata suruali za darasa la kwanza. Ilham alikuwa na miaka sita, moja ya suruali zile ilikuwa ya mtoto anayekaa naye deski moja. Nilizima redio, nikamaliza kukata. Sikulia wala nini, nilikuwa na suruali arubaini. Sasa hivi yuko SUZA, mwaka wa mwisho, na mdomo wake ndio ule ule wa bibi yake.

Basi. Niliahidi nafsi yangu kuandika mistari mitatu na tazama nilipofika. Hii ni yako peke yako, ukishaisoma ifute, maana watoto wako wanachezea simu yako, nimeshapokea picha za paka mara mbili.

Kwenye kundi nitaandika maneno haya, na nakuomba uyasome kwanza. Kama kuna neno litakalomuumiza mtu, nambie nilitoe:

«Asalaam alaykum ndugu zangu. Nawashukuru sana kwa mwaliko na kwa kunikumbuka. Kwa sababu zangu mwenyewe sitaweza kuwa pamoja nanyi tarehe 20, naomba mniwie radhi. Mchango wangu nimeshamkabidhi Raya. Nawatakia mkutano wa kheri, mkale mkafurahi, na kwenye dua ya wenzetu waliotangulia nami mnihesabu nimeitikia amin nikiwa huku. Pakiwa na picha nitafurahi kuziona. Wasalaam, Zuwena.»

Atakayeuliza sababu, mwambie Zuwena kasema ni zake, kisha mbadilishe mazungumzo, wewe hilo hodari. Atakayesema nimejiona kwa kuwa nakaa mjini, muache. Nakuomba jambo moja tu, usinitetee kwa kunielezea. Najua utatamani. Mtu akianza «lakini Zuwena…», wewe mpe kaimati.

Na paredi msiifute kwa ajili yangu. Nimeona jana umeanza kuuliza kundini kama watu wanaitaka kweli, nikajua umeshanishuku. Iacheni. Kuna watu wamekuja kutoka mbali kwa ajili ya kuitikia majina yao. Ninaloliomba ni kwamba anayesoma akifika kwangu apite tu, asinyamaze, asitie maneno, asome linalofuata. Linalofuata ni lako. Itikia kwa nguvu.

Zaidi ya hapo sitaki kingine. Nikikataa mwaliko huu sikatai watu. Kama kuna mmoja wao anayekuja Unguja akataka kuniona, mlango wangu uko wazi na chai ipo. Mmoja mmoja ninawaweza. Ni wote kwa pamoja, wamepanga mistari, ndio sijaweza, na mwaka huu sitajilazimisha.

Wewe njoo Januari, sare zikishamalizika. Njoo wiki ya pili, ya kwanza bado kutakuwa na wanaorudisha suruali fupi. Panda meli ya asubuhi, ukishuka Malindi nipigie kabla hujapanda daladala, mara ya mwisho ulipotea ukafika Fuoni. Ilham anataka kukuona. Nimemwambia mwandiko ule wa daftari ni wa nani, na ana maswali yake ya kukuuliza ambayo mimi amenikatalia kunambia.

Usilete karafuu. Niletee mkate wa ufuta kama ule anaopika mama yako, na umwambie nimemsalimia sana.

Shoga yako,
Zuwena