YAH: UTHIBITISHO WA KESI, MADAI NA MADENI TARAJIWA KUFIKIA TAREHE 31 DESEMBA 2024

NJIA NNE USAFIRISHAJI
Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam

Kumb. Na. NNU/FED/2025/07
20 Januari 2025

Wakili Kiongozi,
Mawakili wa Kampuni,
Mtaa wa Samora,
Dar es Salaam.

Ndugu Wakili Msomi,

Wakaguzi wetu wa nje wanakagua taarifa za fedha za kampuni za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 501 kinawataka wawasiliane moja kwa moja na mawakili wa kampuni pale penye kesi au madai yenye uzito. Ndiyo maana barua hii tumeisaini sisi lakini wameituma wao, na majibu yako yaende kwao, kwa bahasha yenye anuani yao iliyoambatishwa, na nakala kwetu. Tafadhali usiyapitishie kwetu kwanza, hata kwa nia njema ya kutuonyesha rasimu.

Yafuatayo ni mashauri tunayojua yako mikononi mwako, pamoja na makadirio yetu wenyewe. Tunaomba uyasome kama mtu anayeruhusiwa kutupinga.

Kwanza, ajali ya Mikese. Tarehe 9 Agosti 2023 lori letu lililobeba saruji liliacha barabara na kuingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ametufungulia Shauri la Madai Na. 41 la mwaka 2024 katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Morogoro. Anadai shilingi 96,000,000 za hasara halisi ya jengo na bidhaa, na shilingi 300,000,000 za fidia ya jumla. Kwa maoni yetu tutashindwa kuhusu nani mwenye kosa, kwani ramani ya ajali ya polisi haituachii pa kujitetea. Kinachobaki ni kiasi. Tumeweka tengo la shilingi 82,000,000, hesabu iliyotokana na ankara za bidhaa ambazo mdai ameziwasilisha mpaka sasa. Kwa fidia ya jumla hatukuweka kitu.

Ugumu wa shauri hili uko kwenye bima. Kampuni ya bima imekataa kulipa kwa sababu leseni ya dereva ilikuwa imeisha muda wake siku 4 kabla ya ajali. Leseni ilihuishwa wiki iliyofuata, kwa daraja lilelile. Wewe ulituambia kwa mdomo mwezi Oktoba kwamba kukataa huko hakutasimama. Wakaguzi hawawezi kutumia neno la mdomo. Isitoshe, Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 37 hakituruhusu kuandika vitabuni fedha za kurudishiwa na bima mpaka kupatikana kwake kuwe karibu na yakini, hata kama tengo la deni lenyewe tumeshaliweka. Kwa hiyo tunaomba useme wazi: je, haki yetu dhidi ya bima ni ya karibu yakini, au ni nzuri tu? Maneno hayo mawili yanatofautiana kwa shilingi 82,000,000 kwenye faida ya mwaka huu.

Pili, kodi ya zuio. Mamlaka ya Mapato ilitukadiria shilingi 684,300,000 kwa miaka ya 2020 hadi 2022, mbali na riba, ikisema malipo yetu kwa wenye malori tuliyoyachukua nje yalikuwa kodi ya pango la magari. Sisi tunasema tulinunua huduma ya usafirishaji. Dereva, mafuta na hatari ya mzigo vilikuwa vya mwenye lori. Tulilipa theluthi moja, yaani shilingi 228,100,000, ili pingamizi lipokelewe. Kamishna Mkuu alilikataa mwezi Septemba 2024 na rufaa yetu iko Bodi ya Rufani za Kodi. Hatujaweka tengo, na ile theluthi tumeiandika kama mali inayorejeshwa. Hapa ndipo wakaguzi watakapobana zaidi, nasi tunaona wana haki. Tupe maoni yako kwa kila mwaka peke yake, maana mikataba ya 2020 ilikuwa ya kurasa mbili na haikutaja dereva kabisa. Kama unaona riba imeshavuka kiasi ambacho tungependa kukisikia, kiandike hivyohivyo.

Tatu, dereva aliyeshinda katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tuzo ni mishahara ya miezi 12, shilingi 10,800,000, nasi tumeomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Tengo limewekwa lote. Kwa ukubwa wake tusingeitaja, kwani kiwango tulichokubaliana na wakaguzi ni shilingi 15,000,000 kwa shauri moja. Ila madereva wengine 6 waliachishwa siku ileile kwa barua ya maneno yaleyale. Hawajafungua madai na siku 30 zimeshapita. Tueleze kama kuna nafasi ya wao kuongezewa muda.

Nne, jambo ambalo bado hakuna aliyetudai. Benki yetu imetoa dhamana ya forodha ya shilingi 500,000,000 kwa mizigo inayopita kwenda Zambia. Makontena 2 yaliyotoka bandarini mwezi Novemba 2024 bado hayajafungiwa hati zake Tunduma, ingawa mteja anakiri kuyapokea. Je, kuna dai linaloweza kuinuka, na kwa kiasi gani?

Kwa kila shauri hapo juu tunaomba hatua lilipofikia, kama unakubaliana na makadirio yetu, na gharama zinazotarajiwa pamoja na ada yako. Unapokadiria matokeo, tafadhali epuka sentensi kama “tuna kesi nzuri.” Sema kama kushindwa kuna uwezekano zaidi ya nusu, kama kunawezekana lakini hakufiki hapo, au kama ni mbali sana. Usipoweza kukadiria kiasi, taja sababu. Hilo nalo ni jibu.

Ongeza shauri au dai lolote la kampuni unalolijua ambalo sisi hatukulitaja, likiwamo lililomalizika ndani ya mwaka. Thibitisha pia ada tunayodaiwa na ofisi yako kufikia tarehe 31 Desemba 2024 (vitabu vyetu vinaonyesha shilingi 17,464,000 kwa ankara 3), fedha zetu zilizo kwenye akaunti yako ya wateja, na hati ya kiwanja cha Kibaha ambayo tunaamini iko kwenye kabati lako la chuma.

Kwa barua hii tunakuruhusu kuwaeleza wakaguzi yaliyoulizwa hapa tu. Usiri wa mashauriano yetu mengine nawe unabaki kama ulivyo. Kama kuna unachokizuia kwa sababu hiyo, waambie kwamba umekizuia. Hasa kuhusu Mikese, usiandike kiasi tulichojadili kwa ajili ya kupatana na mdai kwenye karatasi yoyote itakayotoka nje ya mikono ya wakaguzi.

Majibu yawafikie kabla ya Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025. Ripoti inatarajiwa kusainiwa tarehe 14 Machi, kwa hiyo likitokea jipya kati ya siku hizo mbili, hukumu, wito au hata barua ya madai, wapelekee waraka mfupi wa nyongeza siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,

(Imesainiwa na kupigwa muhuri)
Mkurugenzi wa Fedha
NJIA NNE USAFIRISHAJI

Nakala: Wakaguzi wa Hesabu wa Nje, Mwenyekiti, Kamati ya Ukaguzi ya Bodi