Mwaliko wa warsha ya siku moja kwa wasindikaji wa siagi ya karanga, Dar es Salaam

Kumb. Na. WK/MW/01/2026
27 Julai 2026

Ndugu Msindikaji,

YAH: MWALIKO WA WARSHA YA SIAGI YA KARANGA: UTEUZI WA KARANGA, USAGAJI NA LEBO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wasindikaji wadogo wa karanga wa Ubungo, Kinondoni na Ilala tunakualika kwenye warsha ya siku moja itakayofanyika Alhamisi, tarehe 20 Agosti 2026, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Barabara ya Shekilango, Dar es Salaam. Kuandikisha majina kutaanza saa 2:30. Tarehe hii tumeichagua makusudi ipite Nane Nane, kwa kuwa wengi wenu mtakuwa kwenye mabanda Morogoro na Dodoma hadi wiki ya pili ya mwezi. Tumekwepa pia Ijumaa na siku za Maulidi.

Lengo ni moja: utoke ukumbini ukijua kwa nini siagi yako inaweza kukataliwa, na ukiwa umeanza kurekebisha. Mara nyingi anayekwama kwenye maombi ya alama ya ubora anadhani tatizo ni mashine. Tatizo huwa limeanza sokoni, siku aliyonunua karanga, na linamalizikia kwenye lebo. Ndiyo maana asubuhi yote tumeitenga kwa karanga zenyewe.

Tutakachofanya asubuhi

Tutaanza na sumukuvu. Kila mtu ameisikia, hasa tangu vifo vya mwaka 2016 Dodoma na Manyara vilivyotokana na mahindi, lakini kwenye karanga bado tunaichukulia kirahisi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu zote kwa pamoja zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Ni kiasi kidogo mno; huwezi kukiona, kukinusa wala kukionja. Kukaanga hakukiondoi. Moto wa kukaangia hupunguza sehemu tu ya sumu, kwa hiyo gunia bovu likikaangwa vizuri bado ni gunia bovu.

Kinachosaidia ni mambo mawili, na yote mtayafanya kwa mikono yenu. La kwanza ni unyevu. Karanga iliyomenywa inatakiwa iwe na unyevu wa kama asilimia 7. Sokoni kuna wanaonyunyizia maji maganda ili yapasuke kirahisi, au ili mzani upande; unanunua maji kwa bei ya karanga, na kuvu wanapata walichokuwa wanakisubiri. Tutakuwa na kipima unyevu, na mtajifunza kulinganisha namba yake na dalili za mkononi: karanga kavu huvunjika kwa mlio, na ngozi yake nyekundu hutoka ukiisugua kwa vidole. Inayopinda kabla ya kuvunjika irudishe kwa muuzaji.

La pili ni kuchambua. Punje zilizosinyaa, zenye weusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizochipua na zilizopasuka ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Kila meza ya watu watano itapewa kilo 5 za karanga za kawaida za sokoni, mtachambua, kisha tutapima uzito wa mlichotupa. Baada ya hapo tutapiga hesabu ya bei: kilo uliyonunua na kilo iliyobaki si kilo moja, na bei ya chupa yako lazima iijue tofauti hiyo. (Zilizotupwa haziendi kwa kuku. Hilo tunalisema mapema kwa sababu huulizwa kila mara. Sumu inaingia kwa kuku pia.)

Baada ya chai tutakaanga na kusaga. Fundi mashine ataifungua mashine ya kusagia mbele yenu na kuonyesha jinsi mawe yanavyobanwa. Yakibanwa kupita kiasi siagi inakuwa laini haraka, lakini inapata moto, na mashine za mawe ya chuma hulika na kuacha chembe za chuma ndani ya siagi. Tutapitisha sumaku kwenye siagi iliyosagwa ili mjionee. Tutazungumzia pia mafuta kujitenga juu ya chupa. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo kujitenga ni tabia yake wala si dalili ya kuharibika. Lakini mteja haelewi hivyo, na lebo isiyosema "koroga kabla ya kutumia" inakuletea malalamiko bure. Kinachoharibu kweli ni maji: chupa iliyooshwa asubuhi na kujazwa mchana kabla haijakauka vizuri.

Mchana: lebo na nyaraka

Sehemu hii ni fupi lakini ndiyo yenye makosa mengi zaidi kwa kila dakika. Utaweka chupa yako mezani na mwenzako atakusomea lebo kwa sauti, akitafuta jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, uzito halisi bila chupa, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, nchi ilikotengenezwa, na tahadhari kwa wenye mzio wa karanga. Wenye lebo za zamani zinazotaja TFDA wajue kwamba shughuli za chakula zilihamia TBS mwaka 2019. Lebo hizo ni za kuchapa upya.

Tutapima pia msimbo mistari kwa rula. Ule wa tarakimu 13 una kipimo cha kawaida cha milimita 37.29 kwa 25.93, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80 tu. Chini ya hapo mashine ya kaunta inagoma, na duka kubwa linakurudishia mzigo. Rangi nayo ni mtego: mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe inapendeza, ila mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo hazioni kitu. Mweusi juu ya mweupe, basi. Msimbo uliotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620. Kama wako ulikopwa kwa jirani, tutaongea taratibu pembeni.

Tukimaliza hapo tutapitia mpangilio wa nyaraka: usajili wa jina la biashara BRELA, TIN, leseni ya biashara, barua ya utambulisho ya SIDO, na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula. Tunataja wazi kwamba warsha hii haijaandaliwa na TBS wala SIDO. Hatutoi cheti cha serikali wala hatumsogezi mtu mbele kwenye foleni.

Njoo na hivi

Chupa moja ya siagi yako kama inavyouzwa, ikiwa na lebo. Nusu kilo ya karanga mbichi unazotumia sasa, kwenye mfuko uliofungwa vizuri usipitishe hewa. Aproni na kitambaa au kofia ya kufunika nywele. Nakala, si nyaraka halisi, za karatasi ulizonazo. Nusu kilo hiyo ni ya kupima unyevu tu. Haitoshi kupima sumukuvu, kwa sababu sumu hukaa kwenye punje chache zilizotawanyika, na sampuli ndogo inaweza kuzikosa zote ikakudanganya kwamba uko salama. Namna ya kuchota sampuli ya maabara kutoka pembe zote za gunia itaonyeshwa.

Mwenye mzio wa karanga asitumwe kumwakilisha mwenye biashara. Hewa ya chumba kile itakuwa na vumbi la karanga siku nzima.

Mahali na namna ya kufika

Ukumbi uko ghorofa ya pili ya jengo la ofisi la ghorofa nne, rangi ya krimu, upande wa kushoto ukiingia Barabara ya Shekilango kutoka Barabara ya Morogoro. Kutoka kituo cha mwendokasi cha Shekilango ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto au Kigamboni afike Kariakoo, apande mwendokasi ya Kimara; muulize dereva kama basi linasimama Shekilango, maana ya ekspresi itakupitisha. Anayetoka Mwenge au Tegeta atumie daladala zinazopita Sinza na ashuke karibu na makutano. Maegesho ni ya magari sita tu, na yamewekewa wanaoleta mashine na wenye ulemavu. Lifti ipo, umeme ukikatika kuna jenereta ya ukumbi, lakini lifti haiungwi nayo, kwa hiyo asiyeweza ngazi atuambie mapema, tutaweka meza yake chini.

Gharama

Ni shilingi 15,000 kwa mtu, ikiwa ni pamoja na chai, chakula cha mchana na karanga za mazoezi. Kila biashara inaruhusiwa watu wasiozidi wawili. Chakula ni wali na maharage, kuku au mboga, na mapumziko ya mchana yanaanza saa 6:30 ili wanaoswali wapate nafasi. Chumba cha swala kipo ghorofa hiyohiyo.

Kuthibitisha

Nafasi ni 40. Tafadhali thibitisha kabla ya Jumatano, tarehe 12 Agosti 2026, saa 11:00 jioni, kwa ujumbe wa kawaida au WhatsApp kwenye namba hii hii iliyokuletea mwaliko. Kupiga simu hakutoshi, tunahitaji maandishi. Andika jina lako kamili, eneo la biashara, kilo unazosaga kwa wiki, idadi ya watakaokuja na chakula. Kwa mfano, baada ya jina lako:

*NAKUJA. Tabata Segerea. Kilo 60 kwa wiki. Watu wawili, mmoja mboga.*

Ndani ya siku moja utajibiwa kwa namba ya malipo na namba ya kiti. Usitume fedha kabla ya jibu hilo, na usitume kwa namba nyingine yoyote hata kama mtu anajiita wa kamati. Usipolipa hadi Ijumaa tarehe 14 Agosti, kiti kitapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Ukipata dharura baada ya kulipa, tuma mtu mwingine wa biashara yako na ututajie jina lake. Fedha inarudishwa kwa atakayetoa taarifa hadi Jumatatu tarehe 17, kwa sababu Jumanne ndipo tunapolipa mpishi.

Asiyeweza kuja naye atujibu kwa neno SIJI. Tutafurahi kumwekea nakala ya karatasi za mafunzo.

Karibu sana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Maandalizi

Nakala: Wajumbe wa kamati, Fundi mashine, Mpishi