Tafsiri ya vyeti vya chanjo vya Bi Mwajuma Hamisi na mjukuu wake Yusufu, kwa safari ya Kalemie, Kongo

Mwanga, Kigoma
11 Februari 2026

Shikamoo mama.

Vitabu vyote viwili nimevisoma na tafsiri ndiyo hii. Chako kimejazwa Kifaransa, cha Yusufu Kiingereza. Kabla hujaanza kusoma, moja la haraka: kitabu cha Yusufu kina muhuri lakini hakina sahihi ya aliyemchanja. Kirudishwe kituoni kesho, usingoje wiki ya safari. Sababu utaikuta mbele.

Nimefuata mpangilio wa vitabu vyenyewe, kila kilichochapwa na kila kilichoandikwa kwa kalamu. Pale nilipotia langu nimeanza na neno "Maelezo", ili usije ukamwambia afisa kuwa cheti kinasema jambo ambalo nimelisema mimi. Namba za vitambulisho sikuzinakili. Nimezilinganisha na ulizonionyesha, ni zile zile, na karatasi hii ikidondoka sokoni Kibirizi haitampa mtu namba zako.

KITABU CHA KWANZA: BI MWAJUMA

Jalada: Shirika la Afya Duniani. Kanuni za Afya za Kimataifa (2005). Cheti cha Kimataifa cha Chanjo au Kinga. Kimetolewa kwa: Muajuma Hamissi.

Ukurasa wa cheti: Inathibitishwa hapa kwamba Muajuma Hamissi, aliyezaliwa 2 Julai 1968, jinsia mwanamke, uraia Mtanzania, ambaye sahihi yake inafuata, amepewa katika tarehe iliyoonyeshwa chanjo au kinga dhidi ya homa ya manjano na polio, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa.

Sahihi ya mwenye cheti: ipo.

Maelezo: Jina limeandikwa kwa masikio ya Kifaransa. Pasipoti inasema Mwajuma Hamisi, cheti kinasema Muajuma Hamissi. Nimeliacha hivyo kwa makusudi, maana kazi yangu ni kukuonyesha kilichopo. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho vinakubaliana na pasipoti, na hivyo ndivyo utakavyomwonyesha afisa akiuliza. Ila usishike kalamu ukarekebisha herufi hata moja. Cheti chenyewe, chini kabisa, kinakataza.

Mstari wa kwanza
Chanjo au kinga: homa ya manjano.
Tarehe: 14 Machi 2013.
Sahihi na cheo cha mtaalamu msimamizi: sahihi ipo, haisomeki, cheo, daktari.
Mtengenezaji na namba ya bechi: Taasisi ya Pasteur, Dakar, 1274.
Cheti kinatumika kuanzia: 24 Machi 2013. Hadi: 23 Machi 2023.
Muhuri rasmi wa kituo: upo, wa duara, wino wa buluu, neno linalosomeka vizuri ni Bujumbura.

Maelezo: Hapa ndipo uliponiambia umeambiwa na mtu wa boti kwamba kadi imekufa na lazima uchomwe upya. Haijafa. Zamani kadi ya homa ya manjano ilihesabiwa miaka 10, na daktari wa Bujumbura aliandika sawasawa kwa kanuni ya wakati ule. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaibadilisha kanuni hiyo mwaka 2014, na tangu 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinatumika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Mabadiliko yanagusa pia vyeti vya kabla ya siku hiyo, hata vile vilivyoandikwa tarehe ya kuisha. Nchi haitakiwi kumdai msafiri mwenye cheti halali chanjo ya marudio kama sharti la kuingia.

Kwa hiyo 23 Machi 2023 isome kama ilivyoandikwa, na ujue haikufungi. Wala usimruhusu mtu, awe karani au mtoto wa nyumbani, kuikata na kuandika "maisha" pembeni. Cheti kizima chenye tarehe ya zamani kina nguvu kuliko cheti kilichochokonolewa. Afisa akiishika tarehe hiyo, mwambie kwa utulivu, na Kalemie Kiswahili ni chao vilevile: "Baba, kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya tarehe 11 Julai 2016 imeifanya kadi hii kuwa ya maisha; naomba umuulize mkubwa wako." Sentensi hiyo nimekuandikia pia kwa Kifaransa kwenye kipande kidogo kilichobanwa kwenye jalada. Kitoe tu ikibidi.

Zile siku 10 kati ya 14 na 24 Machi ndizo ambazo mwili hupewa kujenga kinga. Ndani ya siku hizo cheti bado hakitumiki. Kwako zimeshapita zamani, ila zinamhusu Yusufu.

Mstari wa pili
Chanjo au kinga: polio, ya matone.
Tarehe: 2 Mei 2023.
Sahihi na cheo: sahihi ipo, muuguzi.
Mtengenezaji na namba ya bechi: mtengenezaji hakuandikwa, bechi 0388.
Kinatumika kuanzia: 2 Mei 2023. Hadi: 1 Mei 2024.
Muhuri: upo; Kalemie.

Maelezo: Huu umekwisha kweli. Ile habari ya maisha ni ya homa ya manjano peke yake, usiitumie kuutetea mstari huu. Ulichanjwa ukiwa umekaa kule muda mrefu; nchi yenye mlipuko wa polio hushauriwa kuwachanja wakazi wake na wageni wa zaidi ya wiki 4 kabla hawajatoka kwenda nje, na dozi hiyo huhesabiwa kwa miezi 12. Safari hii umesema ni siku chache za kuuza vitenge na kurudi. Ukijikuta unakaa zaidi ya wiki 4, uliza habari ya matone kabla ya kupanda boti la kurudi.

Ukurasa wa chanjo nyingine
Ugonjwa unaokingwa: homa ya uti wa mgongo, makundi A, C, W na Y. Tarehe: 8 Julai 2019. Marudio yajayo: Julai 2022. Muhuri na sahihi: vipo.
Ugonjwa unaokingwa: kipindupindu, chanjo ya kunywa. Tarehe: 2 Mei 2023. Marudio yajayo: pameachwa wazi. Muhuri na sahihi: vipo.

Maelezo: Ya uti wa mgongo ni ile ya Hijja. Inadaiwa na Saudia. Kalemie hawana haja nayo. Ukinuia Umra, itabidi uchanjwe tena, angalau siku 10 kabla ya kufika. Kuhusu kipindupindu, kanuni za kimataifa ziliacha kudai cheti chake tangu 1973. Chanjo yenyewe ni nzuri na wewe unajua maji ya ziwa yalivyo wakati wa masika, lakini mtu akikusimamisha ufukweni akidai faini kwa kukosa "kadi ya kipindupindu", hana kanuni hiyo ya kusimamia.

Maandishi ya chini, yaliyochapwa:
Cheti hiki ni halali tu iwapo chanjo au kinga iliyotumika imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani.
Cheti hiki lazima kitiwe sahihi kwa mkono na mtaalamu, ambaye ni daktari au mhudumu mwingine wa afya aliyeidhinishwa, aliyesimamia utoaji wa chanjo au kinga. Lazima pia kiwe na muhuri rasmi wa kituo kilichotoa. Hata hivyo muhuri hautakubaliwa badala ya sahihi.
Badiliko lolote katika cheti hiki, au kufuta, au kuacha sehemu yoyote bila kujazwa, kunaweza kukibatilisha.
Cheti kitaendelea kuwa halali hadi tarehe iliyoonyeshwa kwa chanjo au kinga husika. Kitajazwa kikamilifu kwa Kiingereza au Kifaransa. Kinaweza pia kujazwa kwa lugha nyingine katika hati hiyo hiyo, pamoja na Kiingereza au Kifaransa.

Maelezo: Ndiyo maana dirishani unatoa kitabu, hii karatasi yangu inabaki mkobani. Ni ya kukufanya ujue umeshika nini, haichukui nafasi ya kitabu.

KITABU CHA PILI: YUSUFU

Inathibitishwa hapa kwamba Yusufu Salumu, aliyezaliwa 9 Oktoba 2023, jinsia mwanamume, uraia Mtanzania, ambaye sahihi yake inafuata, amepewa katika tarehe iliyoonyeshwa chanjo au kinga dhidi ya homa ya manjano, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa.

Sahihi ya mwenye cheti: imetiwa na mama yake, na imeandikwa "mzazi".

Chanjo au kinga: homa ya manjano.
Tarehe: 06/02/2026.
Sahihi na cheo cha mtaalamu msimamizi: HAKUNA.
Mtengenezaji na namba ya bechi: Taasisi ya Pasteur, Dakar, 2091.
Kinatumika kuanzia: 16/02/2026. Hadi: maisha ya aliyechanjwa.
Muhuri rasmi wa kituo: upo, umepigwa juu ya nafasi ya sahihi.

Maelezo: Mama yake kutia sahihi ni sawa, mtoto asiyejua kuandika husainiwa na mzazi au mlezi. Na ni vizuri ana kitabu chake, kwa sababu cheti ni cha mtu mmoja mmoja. Hawezi kuingia kwa kadi ya bibi. Kongo wanadai chanjo hii kuanzia miezi 9, na mkirudi Kigoma mkitokea huko, Tanzania inaidai kuanzia mwaka 1. Yusufu amevuka umri wote huo.

Kasoro ziko mbili. Ya kwanza nimeshaisema: muhuri haukubaliwi badala ya sahihi, na hapa muhuri umekaa pale pale ambapo sahihi ilipaswa kuwa. Ya pili ni tarehe. Kanuni inataka siku, mwezi kwa herufi, kisha mwaka. Hapa kuna tarakimu tupu, na 06/02 kuna watakaoisoma 2 Juni, siku ambayo hata haijafika. Kilichoiokoa ni nafasi ya pili: 16/02 haisomeki vingine, maana hakuna mwezi wa 16. Mimi nimeitambua kuwa 6 Februari, lakini afisa aliyechoka saa mbili usiku msitegemee apige hesabu hiyo.

Kituoni msiombe warekebishe juu ya maandishi. Ombeni kitabu kipya kiandikwe kutoka kwenye rejista yao: tarehe 6 Februari 2026, bechi ile ile, kuanzia 16 Februari 2026, sahihi ya mkono na cheo, muhuri pembeni. Yusufu hachomwi tena. Siku 10 zinahesabiwa tangu alipochanjwa, si tangu karatasi ilipoandikwa, kwa hiyo boti la Jumamosi tarehe 21 mnaliwahi. Wakikwambia mtoto arudie sindano ndipo apewe kitabu, kataa kwa adabu na uombe kumwona mganga mfawidhi.

Kitabu kipya kikitoka nipitishie hata kama ni jioni, nikisome kabla hujakifunga mkobani. Tafsiri yake sitakutoza, ni mistari ile ile. Na vitabu vyote viwili uvibebe mwilini pamoja na pasipoti. Ukivichimbia kwenye robota la vitenge, utafungua mzigo wote gatini watu wakikutazama.

Mwanao,
Ramadhani, mfasiri