Ripoti ya Upimaji wa Sura ya Ardhi: Eneo la Ujenzi wa Maghala, Kibada, Kigamboni

Eneo lenye hekta 4.6 lilipimwa kwa msingi wa marejeo ya Arc 1960 (Clarke 1880), katika gridi ya UTM, ukanda wa 37 Kusini. Urefu wote umehesabiwa kutoka usawa wa wastani wa bahari, ukiletwa kwa nivo kutoka alama ya serikali, wala haukutokana na setilaiti pekee.

Alama tatu za zege zimesimikwa: P1 (E 536 412.318, N 9 239 107.645, urefu mita 18.472), P2 (E 536 655.027, N 9 239 084.190, mita 16.935) na P3 (E 536 590.744, N 9 238 921.506, mita 14.208).

Mzunguko wa mita 1,180 ulifungwa kwa kosa la milimita 38, yaani takriban 1:31,000, na nivo ilifungwa kwa milimita 7 dhidi ya kikomo cha 13. Pointi za kawaida zina usahihi wa sentimita 5 kwenye ardhi ngumu.

Usahihi huo hautumiki kwenye bonde la kusini, ambako matete na maji ya masika vilizuia kufika chini. Huko tofauti ya sentimita 25 inawezekana, nasi tunasisitiza lipimwe upya wakati wa kiangazi kabla mhandisi hajapanga mifereji. Mabomba na nyaya za chini ya ardhi havikutafutwa. Mipaka iliyochorwa ni ya uzio uliopo, hivyo haithibitishi mipaka ya hati.